Picha ya Ubao Uliofutwa

Mwalimu wetu wa hesabu alinipa sufuri kwa jibu sahihi, na mpaka hii leo sijamsamehe. Nilikuwa kidato cha tatu, miaka ya tisini, shule ya wasichana hapa kisiwani. Mtihani ule ndio uliochagua msichana mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya hesabu, na nafasi ile niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Grafu aliichora ubaoni, kwenye miraba: mkunjo uliofunika kama bakuli lililopinduliwa. Tuandike mlinganyo wake. Yeye alikuwa ametufundisha njia ya mkato: angalia mkunjo unapokata mstari wa x, weka mabano mawili, na ukiwa umefunika tia alama ya kutoa mbele. Basi! Darasa zima likaandika y = -(x + 1)(x - 3). Mimi nikatia -2 mbele ya mabano. Akaniita mjuaji mbele ya watu, na nafasi akampa rafiki yangu wa dawati moja.

"Lakini mwalimu, kilele cha mkunjo kilikuwa nane."

"Kilikuwa nne. Na ubao ushafutwa. Kaa chini!"

Ati nne! Alishajua amekosea, akaona afadhali aongope. Wallahi nilikaa chini kwa hasira.

Kumbe siku ya mtihani alikuja mpiga picha wa gazeti la shule, na mwalimu akasimama kando ya mchoro wake, kifua mbele. Studio ya mpiga picha ilikuwa Mji wa Kale, nyuma ya kwetu. Nikamwendea.

"Shikamoo, ami. Nioshee ile picha ya mwalimu wetu, tena kubwa."

"Marahaba. Wampenda mwalimu wako, eh?"

"Sana, ami."

Picha nikampelekea mwalimu mkuu, mama asiyecheka ovyo. Akaja nayo darasani, akampa mwalimu pamoja na chaki.

"Hebu tufanyie, mwalimu."

Akafanya, jasho likimtoka. Mkunjo ulikata x kwenye -1 na 3. Kilele, juu ya 1, kilifika nane, miraba ilihesabika. Akaandika y = a(x + 1)(x - 3), akaweka 1 mahali pa x: mbili mara kutoa mbili, kutoa nne. Basi -4a ni 8, na a ni -2. Mkunjo wenyewe ulikata mstari wa y kwenye sita, kama mlinganyo wangu unavyotaka. Nilimtazama kila tarakimu. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

"Alama zisahihishwe," akasema mwalimu mkuu. "Za wote."

Hapo rafiki yangu akainamisha kichwa dawatini, akalia. Yeye alifuata tu alivyofundishwa.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia, na picha ilikuwa mkobani mwangu, tumekaa bega kwa bega. Nafasi nikaichukua.