Nusu Sawasawa kwa Wote

Massoudi ana duka la vipuri vya magari, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: mpira. Ni perezida wa Wembe, timu ya mtaa wa Musaga. Cheo kikubwa, jamani, ila kazi yake ni kutoa hela mfukoni basi. Faida ya breki na mikanda inaishia miguuni mwa wachezaji, na mwenyewe anatembea na kandambili. Mkewe Assia alishachoka kusema.

Mwaka huu mfuko ulitoboka. Wachezaji walikuwa wanadai mishahara, na Xavier, perezida wa Nyota ya Rohero, timu ya matajiri, alikuja dukani kumtaka Hamimu, golikipa wa Wembe. Massoudi aliumia rohoni, maana alijua kijana anakwenda kukaa benchi. Nyota wana makipa wazuri tayari, lakini ndiyo tabia yao: wananunua mtu ili wengine wasiwe naye. Alimwomba Xavier asubiri mkutano wa vilabu upite. Huko ndiko fedha za televisheni zingegawanywa. Wembe ikipata fungu la maana, Hamimu anabaki. Ikikosa, anauzwa, na bila yeye timu inashuka daraja, hilo hata mtoto mchanga wa Musaga analijua.

Wakakutana hotelini mjini, Rohero. Ligi ilikuwa imeuza haki za kuonyesha mechi za vilabu vyote kwa mkupuo, kwa kituo kimoja, na kikapu kimoja cha fedha kinangoja kugawanywa. Xavier akatoa pendekezo lake: nusu igawanywe kwa nafasi ambayo timu imeshika kwenye msimamo, nusu nyingine kwa idadi ya mechi zilizoonyeshwa. Lilisikika la haki kabisa, mpaka ujiulize kamera zinakwenda wapi. Zinakwenda kwa bingwa! Bingwa ni Nyota, basi Nyota wanakula huku na huku, kisha kwa hela hiyo wananunua wachezaji wa wenzao, wanashinda tena, na kamera zinarudi kwao tena. Huo ni mpira au ni kunyang'anyana?

Ila Xavier si mjinga. Alisema watu wanawasha televisheni kwa ajili ya Nyota, na wote wakipewa sawa, nani atahangaika kujenga timu nzuri? Massoudi alijikuta anakubali kimoyomoyo. Angekuwa na Nyota, angesema hivyohivyo.

Ndipo Christa, mama aliyetumwa na kituo cha televisheni, akaomba neno. Alieleza bila kupaza sauti kwamba mkataba unaruhusu bei ipitiwe upya baada ya mwaka wa kwanza. Wenye matangazo wanalipa kwa kuangalia watazamaji, na msimu uliopita Nyota walipochukua ubingwa mapema, watazamaji walikimbia. Ikiwa hivyo tena, kikapu chenyewe kitapungua.

Massoudi alikuwa ameandaa hotuba ya Kifaransa kizito, na yote ikamtoka kichwani. Akasimama hivyohivyo.

"Xavier ndugu yangu, ile siku mulitufunga sita, we mwenyewe ulibaki mpaka mwisho?"

Xavier alijikuna shingo. "Apana. Niliondoka kwenye mapumziko. Mechi ilikuwa imekwisha."

"Basi na watu wa nyumbani walizima. Mi sitaki kukunyima, mabingwa mupate zaidi. Lakini mutuachie cha kulipa wachezaji, ili mukija Musaga mutu asijue nani atashinda."

Watu walicheka, na Xavier naye akacheka, ingawa kwa shingo upande. Massoudi akapendekeza nusu igawanywe sawasawa kwa vilabu vyote, robo kwa nafasi, robo kwa mechi zilizoonyeshwa. Na ile nusu ya sawasawa, kwa kuwa haisubiri matokeo, ilipwe kabla msimu haujaanza.

Mwenyekiti wa mkutano akaita kura, na mikono ikaanza kupanda. Massoudi aliogopa kuhesabu, akabaki anaangalia vidole vyake vya miguu. Aliposikia mwenyekiti anasema imepita, aliinua kichwa, na mkono wa mwisho kupanda, taratibu kama unavutwa na kamba, ulikuwa wa Xavier.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za hoteli. Alhamdulillahi, alisema, na machozi yakamtoka, mzee mzima, wapita njia wakimtazama. Hakujali. Akampigia Hamimu, akamwambia mishahara inakuja na hauzwi kwa mtu.

Hamimu akajibu, "Perezida, mama yangu ameshanifungia begi. Analia tangu asubuhi."

"Mwambie afungue," alisema Massoudi. "Na we kesho usichelewe mazoezi."