Shemeji Sekunde na Kitabu cha Mapumziko

Shemeji yangu ni mtu wa kuudhi, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Ukimwambia chakula kitakuwa tayari baada ya dakika kumi, atakaa mlangoni mwa jiko langu na saa yake ya kubonyeza, na ikifika dakika ya kumi na moja atakohoa. Si kwamba ana njaa. Anakohoa tu ili nijue. Ndiyo maana kambi nzima inamwita Sekunde, na hata dada yangu aliyeolewa naye siku hizi akipiga simu huuliza, "Sekunde hajambo?"

Mimi ni mpishi wa kambi ya mazoezi. Tuko juu mlimani, mita elfu mbili na mia nne, ambako wanariadha huja kukaa wiki tatu nne ili miili yao izoee hewa nyepesi. Wakija siku ya kwanza wanapanda ngazi za bweni wakihema kama wazee, na hamu ya kula hawana, mimi nabaki na masufuria yaliyojaa. Sekunde kazi yake ni saa. Miaka thelathini na mmoja anasimama pale mstarini kupima mbio na kuandika kwenye daftari. Na ana sheria yake moja, aliyojitungia mwenyewe kwa kuwatazama wakimbiaji wa mbio ndefu: pumzi ikirudi, mwondoe. Hatazami saa wakati wa mapumziko. Anatazama kifua. Kifua kikitulia, anapiga filimbi, mkimbiaji anaondoka tena. Makocha wamekuja na kuondoka, hiyo sheria hakuna aliyeigusa, maana haikuwahi kumwangusha. Au ndivyo tulivyodhani.

Msimu huu wakatuletea wasichana sita wa mbio fupi. Kocha mkuu alitaka kuchagua wanne wa kupokezana vijiti, na kipimo chake kilikuwa kukimbia mita sitini mara sita, kila mmoja peke yake, halafu anachukua wastani. Mmoja wa wale sita tulimwita Kijiko. Mwembamba, ana kovu la upasuaji gotini, nyama hali kabisa tangu utoto. Kila asubuhi alikuja jikoni na kopo lake la unga mweupe, anachota kijiko kimoja, gramu tano, anakorogea kwenye maziwa ya uvuguvugu.

"Hicho nini, mwanangu?" nilimuuliza siku ya kwanza. Jikoni kwangu haingii kitu nisichokijua.

"Kreatini, mama, ya kuongeza nguvu za misuli. Si haramu michezoni, daktari amelikagua kopo."

Goti lilikuwa limemkalisha nje mwaka mzima. Chama cha riadha kilikuwa kimemwambia waziwazi: kambi hii ndiyo ya mwisho, akikosa nafasi kati ya wale wanne arudi nyumbani, kitanda chake apewe mwingine. Aliniambia hayo huku akilamba kijiko, kama anayesimulia habari za jirani. Mimi nilimpenda palepale, siwezi kudanganya.

Basi vipimo vikaanza. Mara ya kwanza Kijiko alikimbia sekunde saba nukta tano, ya pili saba nukta tano. Hakuna msichana aliyemkaribia. Ya tatu ikawa saba nukta saba, ya nne saba nukta tisa, na ya sita akafika mstarini kwa nane nukta tatu, miguu mizito kama amevaa gambuti. Wiki iliyofuata, yaleyale. Mbili za mwanzo moto, nne za mwisho maji.

Na juu ya hayo, mizani. Wenzake wote walikuwa wamepungua kidogo, kama ilivyo kawaida huku juu. Kijiko akaongezeka kilo moja na nusu. Kocha akaja jikoni amekunja uso.

"Mama, unampikia nini huyu mtoto?"

"Unachokula wewe," nikamjibu. "Na wewe mbona kilo zako hatukuulizi?"

Wasaidizi wangu wakainamia masinki. Kocha hakucheka. Akasema ule unga wake ni upuuzi mtupu, unanenepesha na wala hauleti pumzi, na Jumamosi anatangaza majina, Kijiko hayumo.

Alhamisi jioni daktari wa kambi alikuja kunywa chai. Ni binti mpole, anaongea taratibu, na nilimbana kwenye kona ya jiko bila aibu.

"Daktari, huyu mtoto ananenepa kwa huo unga?"

"Hanenepi, mama. Kreatini inavuta maji kuingia ndani ya misuli. Ni maji, si mafuta. Na kwa asiyekula nyama unga huo hufanya kazi zaidi, maana anaanza na kidogo."

"Basi mbona anaishiwa? Kocha anasema ni hewa. Hewa nyepesi, unga haumsaidii."

Sekunde alikuwa mezani anachambua mchele, kazi niliyompa ili aache kukohoa. Akainua kichwa. Daktari akaweka kikombe chini.

"Mbio za sekunde saba karibu hazitegemei hewa unayovuta wakati huo. Misuli ina akiba yake, inaitwa fosfokreatini, ya kutumia kwa sekunde chache za nguvu kubwa. Akiba hiyo iko sawa huku na kule bondeni, mlima hauigusi. Ndiyo maana mbio zake za kwanza ni nzuri vilevile." Akaonyesha pipa langu la maji pale pembeni. "Tazama hilo pipa. Kuchota ndoo moja ni mara moja, hakuhitaji bomba. Lakini kulijaza tena ni kazi ya bomba, na huku juu bomba linatoka kidogo kidogo. Oksijeni ndilo bomba. Kreatini imemwongezea ukubwa wa pipa kiasi tu. Bomba haikuligusa. Kwa hiyo huku juu anahitaji mapumziko marefu zaidi kuliko bondeni, dakika tano hivi, ndipo pipa lijae."

"Hata kama pumzi imesharudi?" Sekunde aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Pumzi inaweza kurudi kabla misuli haijajaa, babu. Hasa kwa mtu anayejua kuizuia."

Shemeji aliacha mchele ulivyo, nusu umechambuliwa nusu bado, akatoka. Nikapiga kelele nyuma yake, hakugeuka. Aliporudi alikuwa na daftari na miwani, na Kijiko mwenyewe anamfuata na kandambili zake.

"Mwanangu," akamwambia, "ukimaliza kukimbia, unahema au unajizuia?"

Msichana akatazama sakafu. "Najizuia, babu. Navuta kwa pua polepole. Sikutaka kocha aone nimechoka, atasema goti bado halijapona."

Lo! Nilishika kichwa. Mtoto anaficha kuhema ili asifukuzwe, na mzee anatazama kifua ili ajue lini amwondoe. Wamekutana hao wawili, nani wa kuwaokoa?

Sasa, ubaya wa shemeji yangu ndio uzuri wake. Haandiki tu muda wa mbio. Anaandika na saa ya kila anayeondoka mstarini, saa, dakika na sekunde, kwa sababu ni mtu wa kuudhi. Safu hiyo hakuna kocha aliyewahi kuisoma. Akakaa pale mezani anapiga hesabu ya mapumziko, kidole kinatembea kwenye mistari. Wasichana wengine, waliohema bila kuficha, alikuwa amewapumzisha dakika tatu na nusu, nne, wengine hadi tano. Kijiko: dakika moja na sekunde ishirini. Dakika moja na kumi na tano. Dakika moja na ishirini na tano. Kila mara, vipimo vyote viwili.

"Nimemwondoa pipa tupu," alisema.

Nilitaka kumtania, badala yake nikammiminia chai.

Ijumaa asubuhi kocha alikuwa anakula peke yake kwenye meza ya mbele, majina yameshaandikwa kwenye karatasi karibu na sahani. Sekunde akaenda akasimama mbele yake, amevaa koti lake la kazi, watu wote wakiwa ukumbini.

"Kocha, usitangaze kesho. Vipimo vya Kijiko ni vibovu."

"Vibovu vipi? Saa yako lini imekosea?"

"Saa haijakosea. Nimekosea mimi."

Akafungua daftari, akamwonyesha ile safu. Alieleza yote, sauti haikupanda wala haikushuka, mbele ya vijana waliokuwa wakimwogopa kama mwalimu mkuu. Kocha alisoma muda mrefu. Halafu akamwita daktari, akauliza maswali mawili matatu, akakunja ile karatasi ya majina akaitia mfukoni.

"Saa nne, wote sita, upya," alisema. "Dakika tano kwa kila mmoja, na usimtazame mtu kifua."

Mimi sijawahi kuacha jiko asubuhi. Siku hiyo niliacha. Nilisimama kwenye uzio na aproni yangu, moyo unanidunda kuliko wao wanaokimbia. Saba nukta tano. Saba nukta tano. Ya tatu saba nukta nne, nikapiga kigelegele, kocha akanikodolea macho, na mimi nikamkodolea. Saba nukta tano tena. Ya tano hivyohivyo. Ya sita, ile iliyokuwa ikimzika, saba nukta sita. Jina lake likaandikwa la pili kati ya wanne, na mtoto alinikumbatia hadi aproni ikalowa machozi, yake na yangu.

Nilidhani shemeji atakuja kudai keki. Chakula cha mchana kikapita hakuonekana. Nikampelekea sahani chumbani kwake, nikamkuta amekaa sakafuni katikati ya madaftari ya miaka yote, ameyatoa sandukuni. Moja lilikuwa wazi mapajani.

"Miaka miwili iliyopita," alisema. "Yule binti mrefu wa mita mia mbili, aliyekuwa akiimba bafuni. Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Alirudishwa nyumbani kwa sababu alikuwa anaishiwa nguvu. Niliwahi kusikia kwamba aliacha mbio kabisa, anafanya kazi kwenye duka la viatu.

"Dakika moja na kumi," alisema shemeji yangu, kidole juu ya mstari. "Mara zote sita, shemeji, pumzi yake ilikuwa ikirudi upesi. Mimi nilimwondoa."

Nilikaa naye pale sakafuni, na magoti yangu haya. Namba ya simu ilikuwa kwenye fomu za zamani ofisini, nikamletea. Alipiga mwenyewe. Akajitambulisha, akaomba radhi hata kabla ya salamu kuisha, akamweleza ya pipa na bomba, akamsomea saa zake moja baada ya nyingine kutoka daftarini. Simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yule binti alipojibu.

"Babu," alisema, "miaka miwili yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sikuwa na kipaji."

Shemeji akavua miwani. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikamwambia, "Kipaji ulikuwa nacho, mwanangu. Mapumziko ndiyo hukupewa."