Ofu ya Madaraka

Mamake rafiki yangu alifariki, na mazishi ikapangwa Ijumaa, kwao Kombewa. Kwa kiwanda ya samaki, ambako tulikuwa tunapasua mbuta meza moja, rafiki yangu alimwomba supavaiza mapema: "Nifanye kazi sikukuu ya Madaraka, halafu unipe ofu Ijumaa, nisije kazini." Supavaiza akasema sawa, akaandika kwa kitabu ya zamu.

Siku ya Madaraka akafanya kazi, mimi nikiwa kando yake. Alhamisi tukakuta kwa kitabu amewekwa kazini kesho yake. Akamwendea supavaiza polepole: "Bwana, si tulikubaliana?"

Yule mtu akacheka. "Ai, mama, nilisahau." Akachukua raba afute jina yake hapo Ijumaa.

Mdomo yangu ikafunguka. "Umesahau? Mwongo wewe! Hata kusoma mwandiko yako mwenyewe hujui!"

Meza yote ikacheka. Supavaiza akaweka raba chini.

"Basi ofu yake ni Jumamosi. Kaburi haikimbii. Na akikosa kesho, asirudi hapa."

Rafiki yangu alikuwa na watoto wanne. Ijumaa saa nane, wakati mamake anazikwa, yeye alikuwa anatoa minofu kando yangu. Nikaanza kumwambia pole.

"Nyamaza," akasema. "Angalau leo, nyamaza."