Siku Mume Wangu Aliposema Anaogopa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa Tabora, nta ikichemka taratibu kwenye sufuria na ua mzima ukinukia asali, mume wangu aliponiambia, "Kuanzia kesho, sokoni huendi."

Mwanangu, mimi si mtu wa kupangiwa. Miezi michache kabla ya hapo, huyo mume wangu, Baba Zuhura, alianguka mtini porini akirina asali, akavunjika mguu. Akawa wa kushinda nyumbani, na kuuza asali sokoni nikawa nauza mimi. Sokoni kulikuwa na mtani wangu, fundi baiskeli. Kila nikipita ananipigia kelele, "Mke wangu, umeniletea chakula?" Namjibu, "Mume gani wewe, hata sabuni huna!" Watu wanavunjika mbavu. Unajua utani wetu ulivyo, anayeununia anachekwa. Ndiyo maana mwenzangu alinyamaza siku nyingi, hadi hasira ikamtoka kama amri.

Nilifunga kanga zangu niende kwa mama, kule kijijini Isikizya, na sikuwa na nia ya kurudi. Mlangoni nikageuka.

"Amri siichukui. Niambie una nini."

"Unanifanya mjinga mbele za watu."

"Hapo unanishtaki. Nimekuuliza una nini wewe."

Mwanga wa jioni uliingia uani, mwekundu kwa vumbi la ile barabara ya zamani waliyopita wapagazi wa misafara, na kwa muda nikaona kama dunia nzima imesafiri, tumebaki wawili na ule moshi mtamu. Kisha akasema polepole, akiutazama mguu wake.

"Wiki iliyopita nilijikongoja hadi sokoni. Nilipomsikia anakuita mke wangu, nawe unacheka, moyo uliniuma. Najua ni utani, hujakosa kitu. Ila tangu nianguke najiona nimepungua. Naogopa utanichoka. Sikukatazi tena kwenda. Naomba tu ukirudi ukae na mimi kidogo kabla hujashika kazi nyingine. Utaweza?"

Nililia, sikufichi. Nikamwambia utani siuachi, na yeye sijamchoka; kukaa nitakaa, maana hata mimi nilikuwa nayatamani mazungumzo yetu. Safari ya Isikizya ikafa. Wivu haukuisha siku ile. Ulirudi mara nyingine, lakini akawa ananiambia mapema, kabla haujageuka kisirani.

Basi, mwanangu, wivu ukikushika, usianze na lawama. Acha hasira ipoe, taja jambo moja uliloliona, useme linakuuma wapi na unaogopa nini. Kisha omba, na mwenzako awe huru kukataa, la sivyo umeamuru. Simu yake usiipekue, marafiki usimchagulie. Hofu ni yako. Ukimwonyesha, akikupenda atakusaidia kuibeba.

Mungu akupe ulimi wa kusema kabla moyo haujachacha, akujalie na mtu wa kukaa akusikilize mpaka mwisho.