Bibi Nukta na Mfuko Uliokatwa

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena. Watu humwita Bibi Nukta, na jina hilo kalitolea jasho: miaka ishirini na saba alipiga chapa barua za wakubwa ofisini, na hakuna aliyewahi kumrudishia karatasi kwa kosa, hata la nukta. Alipostaafu, kikundi cha wakulima kikamkabidhi kazi ya kumwandikia bwana shamba maswali yao kwa simu. Wengine wakiandika, huandika "mahindi yangu mabaya, nifanyeje?" Hilo si swali, hicho ni kilio. Bibi Nukta huandika mbegu gani, imepandwa lini, mbolea gani, kipimo gani. Asipojua huandika "sijui", wala haoni haya.

Ndiyo maana kosa la siku ile lilimchoma.

Mdogo wake, mama mjane mwenye eka moja ya mahindi na ulimi usio na breki, alikuwa amepiga picha mfuko wa mbolea ya kukuzia. Simu ikatumbukia kwenye beseni la nguo, picha ikaenda nayo. Mfuko wenyewe ulikuwa umeshakatwa, na mbolea imemiminwa kwenye ndoo zenye mifuniko isipate unyevu.

"Dada, andika tu, ni ile ile ya mwaka jana," alisema. "Nyeupe vile vile."

Bibi Nukta alifungua daftari lake, akanakili lebo ya mwaka jana na kuituma: nitrojeni asilimia 26. Bwana shamba akajibu vifuniko viwili vya soda kwa kila shimo. Kesho yake asubuhi, udongo ukiwa na unyevu mzuri, mjane akaanza kazi.

Bibi Nukta alifika shambani saa tatu kumtazama. Mistari mitatu ilikuwa imekwisha. Akachungulia ndani ya ndoo, akaokota chembe chache: zilikuwa ndogo kuliko za mwaka jana.

"Mwaka jana eka hii ilikula mifuko mingapi?"

"Miwili. Mwaka huu muuzaji alisema mmoja unatosha."

"Weka kifuniko chini, mdogo wangu."

"Dada, jua linapanda!"

"Liache lipande. Mfuko uko wapi?"

Nusu ilikuwa juu ya banda la kuku, nusu mlangoni imegeuka kipangusia miguu. Bibi Nukta, na magoti yake yale yanayolia kama bawaba, alipanda kigoda, akafuta mavi ya kuku kwa kanga, akavaa miwani. Kisha akaenda mlangoni, akainama. Mjane alimfuata nyuma akicheka, lakini alipouona uso wa dada yake kicheko kikamkauka.

Akaketi kizingitini akaandika kwa kidole kimoja, taratibu:

"Nasahihisha swali la jana. Picha ya mfuko ilipotea, nami nikaandika lebo ya mwaka jana bila kuuona mfuko. Kosa ni langu, si la mdogo wangu. Lebo niliyoisoma leo kwa macho yangu: Urea, nitrojeni asilimia 46, kilo 50. Namba ya toleo inaishia na 318, mwanzo umefutika. Mwezi wa kutengenezwa umefutika. Mahindi yalipandwa tarehe 9 mwezi uliopita, leo ni siku ya 33. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 50, mimea miwili kila shimo. Leo saa mbili tumeweka vifuniko viwili kwenye mistari mitatu. Chembe bado zinaonekana juu ya udongo. Tufanyeje?"

Simu ilikaa kimya. Mjane hakuwa na utani tena. Eka ile ndiyo chakula cha wanawe watatu mpaka mavuno mengine.

"Nimeiunguza, dada?"

"Sijui," alisema Bibi Nukta, akamshika mkono.

Jibu likaja. Kifuniko kimoja kwa shimo, mbali kidogo na shina, kisha wafukie kwa udongo. Kwenye mistari mitatu wazoe nusu ya chembe kabla hazijayeyuka, na zilizobaki wazifukie. Wakiwahi, hakuna kitakachoharibika.

Wakapiga magoti, dada na mdogo, kila mmoja na kijiko chake, wakazoa shimo kwa shimo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mbolea siku ile ilizoleka. Mchana ulipofika, mistari mitatu ilikuwa imefukiwa, na mbolea iliyobaki ndooni ilitosha kumalizia eka.

Jioni bwana shamba aliandika tena. Alitaka ruhusa ya kuwatumia wakulima wa vikundi vingine ujumbe ule, wajifunze namna ya kuuliza. "Nitatoa ile sehemu ya kosa, Bibi," aliongeza, "nikulindie heshima yako."

Bibi Nukta alivaa miwani, akajibu:

"Ruhusa nimetoa. Lakini kosa liache pale pale, maana ndilo watakalolifanya."