Kifungu cha Kumi na Moja

Jumuiya ya wafanyabiashara ya Chake Chake iliponialika kuwaeleza wauzaji wa jumla namna mswada wa sheria ya fedha ungewagusa, nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Nimefundisha kodi chuoni kwa miaka mingi, na mtu wa kodi haalikwi mahali pengi. Niliandika hotuba ya kurasa tisa na kuipenda kupita kiasi.

Ukumbi ulijaa watu wa mchele, sukari na unga. Mwenyekiti, mzee mwenye ghala la saruji, alifungua kwa dua, kisha akanitambulisha kuwa mtoto wao aliyesoma mpaka akachoka.

Mstari wa mbele alikaa mwanamama ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Yeye huuza mafuta ya kupikia kwa maduka ya rejareja kuanzia Pujini hadi Makangale. Kabla ya kikao alikuwa amenieleza jambo lake waziwazi. Alipata banda la kukodi Tibirinzi, na mwenye banda alitaka jibu kabla ya alasiri. Ikiwa mafuta yatapanda ifikapo Julai, angelikodi kwa mwaka mzima na kulijaza mara moja. Ikiwa hayapandi, angebaki analipia banda la mafuta yanayochacha.

"Mie nakusikiliza wewe, mwalimu," aliniambia. "Ukisema nijaze, najaza."

Nami, kwa maneno mengine, nilimwambia ajaze. Nilisoma kwamba kifungu cha kumi na moja kinakusudia kuondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani katika mafuta yanayosafishwa nchini, na kwamba bei ya jumla haitakuwa na pa kukimbilia. Nilipoinua macho, Bi Mkubwa alikuwa ameshatoa simu mkobani.

Mwenyekiti akanyanyua karatasi alizoletewa na Mwakilishi wa jimbo.

"Samahani, mwalimu. Umesema kifungu cha ngapi?"

"Cha kumi na moja, mzee."

"Mbona changu kinazungumzia wageni wanaolala hotelini? Hayo mafuta yamefikia hoteli ipi?"

Watu walicheka. Mimi nilitazama ukurasa wangu wa kwanza, na masikio yakapata moto. Sisi wa visiwani tunayo miswada miwili ya fedha kila mwaka. Mmoja hupelekwa Bungeni Dodoma, mwingine katika Baraza la Wawakilishi. Majina yake yanafanana, na kwa kawaida yote huanza kutumika Julai mosi. Mwenye duka Kariakoo hawezi kukosea nilivyokosea, kwa kuwa hana mswada wa pili wa kuchanganya. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo, ningemnyima alama bila huruma.

Nilifikiria kwa muda mfupi, na nakiri hili, kusema kwamba nakala zilipishana kurasa. Lakini simu ya Bi Mkubwa ilikuwa sikioni.

"Bi Mkubwa, usipige kwanza," nilisema. "Nimewasomea mswada wa Bara."

"Basi tukuwahishe bandarini," mtu wa nyuma akasema. "Ukawahadithie wenyewe."

Walipotulia, nilianza upya. Sehemu za kodi ya mapato na ushuru wa forodha zilibaki, kwa sababu hayo ni mambo ya Muungano na Dodoma hutunga kwa ajili yetu sote. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Zanzibar ina sheria yake, niliifuta kwa kalamu mbele yao. Mwenyekiti akanipa karatasi zake, nikazipitia kifungu kwa kifungu kwa sauti. Mafuta ya kupikia hayakutajwa popote.

"Na kiwanda cha Dar ninakonunua," Bi Mkubwa akauliza, "hakitanipandishia?"

"Unanunua kiwandani kwenyewe?"

"Kiwandani. Na nimesajiliwa kodi hiyo hapa Zanzibar."

"Basi kiwanda hukuuzia kwa kiwango cha sifuri, yaani bila kukutoza kodi hiyo, na mswada wa Bara haujagusa hapo. Anayenunua kwa mtu wa kati Kariakoo ndiye atakayeikuta kodi ndani ya bei."

Mabwana wawili waliokaa dirishani walitazamana.

Niliongeza kwamba mswada bado ni mswada. Wawakilishi wanaweza kuubadilisha kabla haujapitishwa. Bi Mkubwa alinisikiliza huku ameinamisha kichwa, kisha akamwomba mwenyekiti zile karatasi, akakisoma mwenyewe kifungu cha kumi na moja hadi mwisho. Ndipo alipopiga simu, palepale kitini.

"Shehe, banda lako zuri, lakini mpe mwengine... Aa, ni huyu mwalimu. Mara ya kwanza kasema nijaze, mara ya pili kasema nisijaze." Akasikiliza kidogo. "Nimeshika la pili. Hilo nimelisoma na mie."