Wanangu kwenye Ubao wa Chuo

Mtoto wa kaka yangu nimemlea mimi, shangazi yake, tangu ana miaka minne, pamoja na wanangu watatu, wakila sahani moja. Leo ni mhadhiri wa anthropolojia, somo la kuchunguza jinsi watu wanavyoishi, utadhani wanaochunguza wenyewe hawaishi popote.

Mkataba wake ulikuwa wa muda. Ili aajiriwe moja kwa moja, ilibidi mkuu wa idara amsikilize akifundisha ukoo na udugu kwa Kiswahili, jambo ambalo mkuu alishasema haliwezekani. Mkuu huyo alisoma ng'ambo miaka tisa, na tangu arudi hajawahi kumaliza sentensi kwa lugha aliyoianzia.

Mimi nikaalikwa kama mtoa taarifa, yaani mwenyeji wa kuulizwa mila. Niliishia darasa la saba, ila nililiongoza.

Akachora familia yetu ubaoni: pembetatu mwanamume, duara mwanamke, alama ya sawasawa ndoa. "Kwetu ukoo unafuata baba," akasema, akaanza kupaka chaki nyekundu kila aliye wa ukoo. Akampaka babu yake, baba yake, mimi, na yeye mwenyewe. Kisha akawapaka wanangu wote watatu.

Nikageuka nyuma. Mkuu anaitikia kwa kichwa, anaandika.

Nikisema, namharibia mtoto kazi. Nikinyamaza, vijana sitini wanaondoka na uongo, na shahidi wake ni mimi. Msichana wa kiti cha mbele akaniondolea tabu.

"Mwalimu, watoto wa shangazi yako si wa ukoo wa baba yao?"

Akanigeukia. "Shangazi?"

"Hapo umepaka kwa mapenzi, mwanangu. Mimi ni wa ukoo wa baba yangu mpaka kaburini, ndoa haikunitoa. Ila niliowazaa ni wa ukoo wa mume wangu. Futa."

"Kwa hiyo si ndugu zake?" akauliza kijana wa dirishani.

"Ni ndugu, tena wa kugombea nyama. Udugu unakuja pande zote. Ukoo unapita upande mmoja. Tungekuwa wa kufuata mama, wanangu wangekuwa wa ukoo wangu, wangemrithi mjomba wao, yaani kaka yangu. Na huyu mwalimu wenu angehesabiwa kwa kina mama yake."

Mkuu akadakia, "Yaani huko wanawake ndio the rulers."

"Si lazima, baba. Mara nyingi mwenye sauti ni mjomba. Ukoo kupita kwa mwanamke hakumpi amri."

Darasa likacheka. Mkuu akakata mstari aliouandika kwenye daftari lake.

Mtoto akafuta duara na pembetatu za wanangu kwa kiganja, taratibu, akazichora upya bila rangi. "Nilichora nyumba niliyokulia," akawaambia wanafunzi, "nikaiita ukoo. Andikeni tofauti yake."

Barua ya ajira ilikuja baada ya wiki mbili. Mkuu alisifu humo mbinu ya mhadhiri ya kukosea kwa makusudi ili wanafunzi wafikiri.

Mtoto akataka kwenda kumweleza kwamba hakukusudia. Nikamwambia asaini kwanza.